Gesi ndani ya soda na kanuni ya Henry: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa kemia aliyepewa swali la chupa ya soda na jibu lake halifanani na la mwenzake. Ni wa mtu mwenye mtungi wa gesi na geji vilevile, anayetaka kujua maji yake yamekunywa gesi kiasi gani. Mfano ni mmoja kwa karibu maswali yote: chupa ya plastiki ya nusu lita yenye kinywaji cha gesi. Gesi yenyewe ni kabonidayoksaidi, CO₂.

Kanuni ya Henry inasema nini?

Inasema kwamba, jotoridi lisipobadilika, kiasi cha gesi kinachoyeyuka ndani ya kimiminika hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo hiyo juu ya kimiminika. Mgandamizo ukiwa mara mbili, gesi iliyoyeyuka nayo huwa mara mbili. William Henry, mkemia wa Manchester, aliichapisha mwaka 1803 baada ya kupima jinsi maji yanavyomeza gesi mbalimbali kwa migandamizo tofauti. Kwa hesabu huandikwa hivi:

```
C = k × P
```

C ni ukolezi wa gesi iliyoyeyuka, kwa moli katika lita moja. P ni mgandamizo wa gesi hiyo, kwa atmosfia. Herufi k ni konstanti ya Henry, na kwa CO₂ ndani ya maji yenye nyuzi 25 za selsiasi ni 0.034.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu. Karibu makosa yote ninayoyaona hutokea kabla ya kuzidisha: mtu amechukua P isiyo ya gesi husika, amechukua k ya jotoridi jingine, au amesahau kwamba ndani ya chupa iliyofungwa P haikai tuli ikisubiri kusomwa, bali hubadilika kadiri gesi inavyohama kutoka kwenye kinywaji. Maswali yanayofuata yanazunguka mambo hayo matatu.

Kwa nini vitabu vinanipa thamani tofauti za k kwa gesi ileile?

Kwa sababu kanuni huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Kitabu kimoja huweka C = k × P na kukupa 0.034. Kingine huigeuza, P = k × C, na hapo k ya CO₂ huwa karibu 29.4, ambayo ni 1 kugawanya kwa 0.034. Cha tatu hupima gesi kama sehemu ya moli zote zilizomo majini, na namba hupanda kufikia karibu 1,630. Zote ni sahihi, kila moja kwa mlinganyo wake.

Usikariri namba peke yake, soma na vipimo vyake. Ukiona moli kwa lita kwa atmosfia, unazidisha kwa mgandamizo. Ukiona lita mara atmosfia kwa moli, unagawanya. Na kuna kipimo kimoja cha haraka ambacho napenda kila mtu akikumbuke: maji ya nyuzi 25 yaliyo chini ya CO₂ tupu ya atmosfia 1 hubeba gramu 1.5 hivi za gesi kwa lita (0.034 × 44 = 1.5, kwani moli moja ya CO₂ ina gramu 44). Kinywaji cha kawaida chenye gesi nyingi hubeba gramu 6 hadi 8 kwa lita. Jibu lako likisema gramu 1,300 kwa lita, umezidisha mahali pa kugawanya.

Chupa haijafunguliwa. Nitajuaje mgandamizo wake?

Tuseme kinywaji chetu kina moli 0.16 za CO₂ kwa lita, yaani gramu 7 hivi. Chupa iko mezani, nyuzi 25. Tunageuza kanuni:

```
P = C ÷ k = 0.16 ÷ 0.034 = 4.7 atm
```

Hiyo ni karibu mara tano ya mgandamizo wa hewa tunayovuta pwani. Ndiyo maana chupa iliyofungwa ni ngumu ukiibinya.

Ukiiweka kwenye friji ikafika nyuzi 5, k hupanda hadi 0.064, kwa kuwa maji baridi humeza gesi zaidi. Kinywaji ni kilekile na gesi ni ileile, lakini sasa mgandamizo ni 0.16 ÷ 0.064, yaani 2.5. Ukiisahau ndani ya gari juani na kinywaji kikafika nyuzi 35, k hushuka hadi karibu 0.026 na mgandamizo hupanda kufikia 6 hivi.

Hapa wengi huteleza. Huona mgandamizo umepanda juani, kisha husema kwa kanuni ya Henry gesi iliyoyeyuka nayo imeongezeka. Haiwezekani, chupa imefungwa, gesi ya ziada ingetoka wapi? Kilichobadilika ni k. Gesi kidogo imetoka kwenye kinywaji kwenda kwenye nafasi ya shingoni, na kwa kuwa nafasi hiyo ni ndogo (tuseme mililita 25), gesi kidogo tu inatosha kupandisha mgandamizo sana. Ukipiga hesabu kamili utakuta ukolezi umeshuka kutoka 0.16 hadi 0.158 tu. Ndani ya chupa iliyojaa na kufungwa, joto hubadilisha mgandamizo kwa kiasi kikubwa na ukolezi kwa kiasi kidogo mno.

Nikifungua chupa, mgandamizo unashuka kutoka 4.7 hadi 1. Kwa hiyo ukolezi mpya ni 0.16 × 1 ÷ 4.7?

Hili ndilo swali la mitihani, na jibu linategemea kilicho juu ya kinywaji.

Sekunde chache za mwanzo, jibu lako linakaribia ukweli. Kizibo kimefunguka, gesi ya shingoni imefoka, na iliyobaki pale juu bado ni CO₂ karibu tupu yenye mgandamizo wa atmosfia 1. Kinywaji kinaelekea ukolezi wa 0.034 × 1 = 0.034, gramu 1.5 kwa lita. Ni namba ileile unayoipata kwa uwiano wako.

Ukiiacha wazi mezani, hewa ya chumbani huingia na kuifukuza ile CO₂. Mgandamizo wa hewa bado ni atmosfia 1, lakini katika hewa CO₂ ni sehemu 420 hivi tu kati ya milioni. Kwa hiyo P ya gesi yetu si 1. Ni 0.00042:

```
C = 0.034 × 0.00042 = 0.000014 mol/L
```

Hiyo ni chini ya miligramu moja kwa lita. Kutoka gramu 7, kinywaji kinaelekea ukolezi ulio mdogo kuliko mwanzo kwa zaidi ya mara elfu kumi. Tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa kiasi kwamba mtungaji wa swali anapaswa kusema waziwazi kama gesi ya juu ni CO₂ tupu au ni hewa. Asiposema, andika wewe umechukulia nini, kisha endelea na hesabu.

Basi mbona soda iliyofunguliwa haimalizi gesi palepale?

Kanuni ya Henry inasema safari ya gesi itaishia wapi. Haisemi itachukua muda gani.

Gesi hutoka kwa njia mbili: kupitia uso wa kinywaji polepole, na kwa mapovu. Povu halizaliwi kirahisi katikati ya maji masafi, kwani povu dogo mno hubanwa na mvutano wa uso wa maji hadi kutoweka. Linahitaji mahali pa kuanzia, kama mkwaruzo ndani ya glasi, uzi wa kitambaa ulionasa hewa, punje ya chumvi au sukari. Ndiyo maana soda iliyotulia hukaa na gesi nyingi kuliko msawazo unavyoruhusu, na ukitia chumvi hufoka mara moja. Chumvi haikuongeza gesi yoyote. Iliipa iliyokuwepo pa kutokea.

Kutikisa chupa iliyofungwa nako hakuongezi mgandamizo wa chupa ambayo tayari imefikia msawazo wake. Kunasambaza viputo vidogo ndani ya kinywaji, na ukifungua wakati huo kila kiputo kinakuwa pa kuanzia povu kubwa.

Nimekunywa nusu nikafunga tena. Kitabaki na gesi kiasi gani?

Hapa ndipo kanuni inapoonyesha uwezo wake, na ndipo kuzidisha mara moja hakutoshi. Mgandamizo hatuujui. Tunachokijua ni jumla ya gesi, na jumla hiyo itajigawa sehemu mbili: nyingine itabaki kwenye kinywaji, nyingine itapanda kwenye nafasi ya juu, mpaka kanuni ya Henry itimie.

Tuchukue chupa yetu. Ikijaa mpaka kwenye kizibo hubeba lita 0.525. Imebaki na kinywaji lita 0.25, kwa hiyo nafasi ya juu ni lita 0.275. Wakati wa kumimina gesi fulani ilipotea, na tuseme kilichobaki kina moli 0.12 kwa lita. Jumla ya CO₂ ndani ya kinywaji ni 0.12 × 0.25 = moli 0.030. Wakati wa kufunga, juu kulikuwa na hewa ya kawaida, ambayo CO₂ yake ni kidogo mno kuhesabiwa.

Gesi itakayobaki kwenye kinywaji ni k × P × ujazo wa kinywaji. Itakayokaa juu, kwa kanuni ya gesi bora, ni P × ujazo wa nafasi ÷ RT. Zikijumlishwa lazima zirudi moli 0.030:

```
n = P × (k × Vk + Vn ÷ RT)
```

Vk ni ujazo wa kinywaji na Vn ni ujazo wa nafasi ya juu. R ni 0.0821, na T ni jotoridi kwa kelvini. Kwa nyuzi 25, T ni 298, kwa hiyo RT ni 24.5.

Sehemu ya kinywaji ni 0.034 × 0.25 = 0.0085. Sehemu ya nafasi ya juu ni 0.275 ÷ 24.5 = 0.0112. Jumla yake ni 0.0197. Kwa hiyo P = 0.030 ÷ 0.0197 = atmosfia 1.52, na ukolezi mpya ni 0.034 × 1.52 = moli 0.052 kwa lita, yaani gramu 2.3.

Zaidi ya nusu ya gesi imetoka kwenye kinywaji ilhali kizibo kimekaza na hakuna hata punje iliyovuja nje. Imehamia juu tu. Ukifungua kesho utasikia mlio mzuri wa gesi ikitoka, utadhani soda bado nzima, kumbe mlio huo ndio gesi uliyoitaka mdomoni.

Rudia hesabu kwa friji, nyuzi 5. Sasa k ni 0.064 na RT ni 22.8. Sehemu ya kinywaji inakuwa 0.016, ya juu 0.0121, jumla 0.0281. P ni 1.07, na ukolezi ni 0.068, gramu 3 kwa lita. Baridi imeokoa sehemu kubwa kidogo, lakini imeshindwa na ile nafasi ya lita 0.275.

Nikiibinya chupa kutoa hewa kabla ya kufunga, si gesi itabaki zaidi?

Kwa chupa laini ya plastiki, haisaidii. Umefunga ikiwa imebonyea na nafasi ya juu ni ndogo, sawa. Lakini gesi inapoanza kutoka kwenye kinywaji huisukuma plastiki irudi umbo lake, na nafasi hurudi kuwa ilivyokuwa. Tofauti pekee ni kwamba mle juu sasa kuna hewa pungufu kuliko mwanzo, na hewa hiyo haimo kwenye hesabu yetu ya CO₂. Angalia mlinganyo wa swali lililotangulia: hakuna mahali ambapo hewa imeandikwa.

Kwa sababu hiyohiyo, zile pampu ndogo za mkono zinazouzwa kusukuma hewa ndani ya chupa ya soda hazibadilishi mwisho wa safari. Unapandisha mgandamizo wa jumla, chupa inakuwa ngumu, lakini uliyemuongeza ni naitrojeni na oksijeni. CO₂ inaangalia mgandamizo wa CO₂ pekee. Pampu huweza kuchelewesha mapovu, kwa kuwa povu lazima lishinde mgandamizo wote uliopo ili likue, kwa hiyo kwa saa chache utaona nafuu. Ukiacha hadi kesho kutwa nafuu hiyo itakuwa imekwisha.

Kinachosaidia ni chupa ndogo isiyobonyea. Kinywaji kilekile cha lita 0.25 kikiwa baridi, ukakimimina polepole kwenye chupa ya lita 0.3, nafasi ya juu inakuwa lita 0.05 tu. Sehemu ya nafasi ya juu kwenye mlinganyo hushuka hadi 0.0022, P huwa 1.65, na ukolezi ni karibu 0.106 kati ya 0.12 za mwanzo. Gesi utakayopoteza wakati wa kumimina sijaihesabu hapa, na ndiyo sababu ya kusubiri kinywaji kipoe kwanza na kuinamisha chupa.

Ninatengeneza maji ya gesi kwa mtungi. Geji inasoma baa 2. Niweke 2 kwenye kanuni?

Kwa kawaida hapana, lakini kuna hali moja ambayo ndiyo, na ni vizuri kuelewa kwa nini.

Geji ya kawaida husoma mgandamizo uliozidi ule wa nje. Ikisoma 0, ndani kuna mgandamizo sawa na wa hewa ya nje, si utupu. Kwa hiyo ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, pwani kabisa, ambako hewa ina baa 1.01 hivi, geji ikisoma 2 mgandamizo kamili ndani ni baa 3.01. Baa moja ni atmosfia 0.987, kwa hiyo hiyo ni atmosfia 2.97. Kama juu ya maji kuna CO₂ tupu na maji yana nyuzi 5, ukolezi ni 0.064 × 2.97 = 0.190, yaani gramu 8.4 kwa lita. Aliyeweka 2 moja kwa moja atapata gramu 5.6. Theluthi nzima imepotea kwenye karatasi.

Lakini je, juu ya maji kuna CO₂ tupu kweli? Ukijaza maji ndani ya chombo, ukafunga na kufungua gesi bila kutoa hewa iliyokuwemo, ile baa 1 ya hewa bado imo. Jumla ni 3.01, ya hewa ni 1.01, ya CO₂ ni 2. Katika hali hiyo namba ya geji ndiyo P sahihi, na gramu 5.6 ndiyo ukweli wa maji yako. Watu wawili wenye geji zinazosoma sawa, maji yenye baridi sawa, hupata vinywaji tofauti kabisa kwa sababu mmoja alitoa hewa na mwingine hakutoa.

Dawa yake ni kusafisha nafasi ya juu. Ingiza gesi hadi baa 2 kwenye geji, achia hadi 0, rudia. Kila mzunguko hubakiza karibu theluthi moja ya hewa iliyokuwepo, kwa kuwa hewa ilikuwa moja kati ya sehemu tatu ulipoachia. Baada ya mizunguko mitatu imebaki chini ya asilimia 4 ya hewa ya mwanzo, na hapo unaweza kujumlisha mgandamizo wa nje kwenye geji ukiwa na amani.

Jambo la usalama: chombo, mipira na viungio viwe vya kazi hiyo, na mtungi uwe na regyuleta yake. Chupa ya glasi isiyotengenezwa kwa vinywaji vya gesi usiiweke kwenye mgandamizo huu hata mara moja. Na usifanyie kazi hii kwenye chumba kidogo kisichopitisha hewa, maana CO₂ ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Je, mwinuko wa mahali unabadilisha kitu?

Ndiyo, kupitia ile namba unayojumlisha kwenye geji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ina mgandamizo wa baa 0.83 hivi. Geji ikisoma 2 pale, mgandamizo kamili ni 2.83, sawa na atmosfia 2.79, na ukolezi kwa nyuzi 5 unakuwa 0.179, gramu 7.9 kwa lita. Ni pungufu ya gramu nusu kulinganisha na Mombasa kwa geji ileile. Ukitaka vinywaji vifanane, Nairobi ongeza geji kwa baa 0.18.

Chupa iliyojazwa kiwandani pwani haibadiliki ukolezi kwa kupandishwa mlimani ikiwa imefungwa. Itafoka zaidi ukiifungua, kwa sababu nje mgandamizo ni mdogo.

Naweza kutumia fomula kupata k ya jotoridi lolote?

Unaweza, kwa tahadhari. Inayotumika sana ni hii, T ikiwa kwa kelvini:

```
k = 0.034 × exp(2400 × (1/T − 1/298.15))
```

Karibu na nyuzi 25 ni nzuri. Ukiipeleka hadi nyuzi 5 inakupa 0.061 wakati thamani iliyopimwa ni 0.064, pungufu ya asilimia 5. Sababu ni kwamba ile 2400 imechukuliwa kama haibadiliki, ilhali joto linaloachiwa gesi inapoyeyuka hubadilika taratibu na jotoridi. Kwa vinywaji vya friji mimi hutumia thamani zilizopimwa: 0.064 kwa nyuzi 5, 0.054 kwa nyuzi 10, 0.039 kwa nyuzi 20, 0.030 kwa nyuzi 30. Katikati ya hizo unakadiria.

Hizo zote ni za maji. Soda ina sukari na asidi. Inakuwaje?

Sukari hupunguza gesi inayoweza kuyeyuka, kwa hiyo k ya soda tamu ni ndogo kuliko ya maji, na kwa ukolezi uleule chupa yake itakuwa na mgandamizo mkubwa zaidi. Ukitumia k ya maji kwa soda ya kawaida unapata makadirio mazuri ya ukolezi, yaliyo juu kidogo ya ukweli. Viwanda hutumia majedwali yaliyopimwa kwa kinywaji husika.

Kuhusu asidi, wengi wana wasiwasi kwamba CO₂ hugeuka asidi ya kaboni na ioni zake, na Henry hahesabu hizo. Ni kweli kwamba kanuni inahesabu CO₂ ambayo haijajigawa kuwa ioni. Ila katika maji yenye moli 0.16 za CO₂, pH hushuka hadi karibu 3.6, na iliyojigawa ni chini ya asilimia 0.2. Iache. Hali hugeuka ukiwa na maji yenye magadi au baking soda, ambamo bikaboneti huwa nyingi. Hapo kanuni ya Henry peke yake haitakupa jumla ya kaboni iliyomo.

Nitajuaje kama hesabu yangu inalingana na chupa halisi?

Pima uzito. Unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.1 na chupa mbili: ya soda na nyingine ya maji matupu yenye umbo lilelile.

Pima chupa ya soda ikiwa imefungwa, nje yake ikiwa kavu kabisa, maana matone ya jasho la friji yana uzito. Ifungue ikiwa baridi, polepole, ili povu lisimwage kinywaji. Kizibo kibaki juu ya mizani kila unapopima. Fungua na ya maji pia, uipime, kisha ziache zote mbili wazi mahali pamoja hadi kesho yake, ukizizungusha taratibu mara kwa mara ili gesi itoke. Zipime tena. Uzito uliopotea kwenye chupa ya maji ni mvuke, uutoe kwenye upungufu wa chupa ya soda. Kilichobaki ni CO₂ iliyotoka.

Kwa chupa ya mfano wetu, yenye nusu lita na moli 0.16 kwa lita, ndani ya kinywaji kuna gramu 3.5, na shingoni, kwenye mililita 25 za gesi yenye atmosfia 4.7, kuna gramu 0.2 nyingine. Tarajia upungufu wa karibu gramu 3.7. Ukipata 3.4, kuna uwezekano gesi bado imo. Zungusha na usubiri zaidi. Ukipata 5, tafuta kinywaji kilichomwagika kwenye meza, au angalia kama ulikausha chupa kabla ya kipimo cha kwanza.